Namba iliyoruka nyuma ya neno: kisa cha kadi ya harusi yenye Kiarabu na Kiswahili

Kadi yenyewe haikuwa na makubwa. Ndani, juu kabisa, ilikuwa na dua ya Kiarabu ya kuwaombea maharusi. Chini yake dua hiyohiyo iliandikwa kwa herufi za Kilatini, ili mgeni asiyesoma Kiarabu naye aweze kuitamka. Kisha ukafuata mwaliko wa Kiswahili, na mwisho mstari mmoja wa mawasiliano wenye lugha zote mbili. Upande wa bibi harusi wamezoea msahafu tangu utotoni. Upande wa bwana harusi wengi hawajui hata alifu. Kadi ilipofika mezani kwangu ilikuwa imeshatolewa nakala ya kukaguliwa, na mjomba wa bibi harusi alikuwa ameshaikataa. "Mwanangu," alimwambia kijana aliyeisanifu, "hii si dua. Hizi ni herufi zimemwagwa."

Dua ni hii:

```
بارك الله لكما وبارك عليكما وجمع بينكما في خير
```

Maana yake: Mwenyezi Mungu awabariki nyinyi wawili, ateremshe baraka juu yenu, na awakusanye pamoja katika kheri.

Kijana aliapa kwamba kwenye kompyuta yake dua ilionekana sawasawa, na alisema kweli. Faili lilikuwa lilelile, lakini kwake lilisomeka vizuri na kwa mchapaji lilisomeka kinyume. Tukianza na fumbo hilo, mengine yanafunguka yenyewe.

Faili moja, sura mbili

Kompyuta haihifadhi maandishi ya Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Inayahifadhi kwa mpangilio wa kusomwa: herufi ya kwanza kutamkwa ndiyo ya kwanza kwenye faili, iwe ya Kiarabu au ya Kilatini. Kazi ya kuipeleka kulia, na kazi ya kuchagua umbo la herufi kulingana na jirani zake, hufanywa na programu wakati wa kuonyesha. Kwenye faili, ba ni ba tu, yenye namba moja, U+0628, katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Kama ipo mwanzo wa neno, katikati au mwisho, hilo ni suala la programu na fonti.

Programu isiyoifanya kazi hiyo itazipanga herufi zikiwa moja moja, hazijashikana, kuanzia kushoto. Ndivyo ilivyomtokea kijana mwanzoni kabisa. Alibandika dua, akaona herufi zimeachana na zimegeuka. Badala ya kutafuta mpangilio wa programu, akaenda kwenye tovuti inayogeuza maandishi, akabandika dua upande huu, akaichukua upande wa pili ikiwa "imenyooka".

Tovuti za namna hiyo hufanya mambo mawili. Kwanza huacha herufi za kawaida na kuchukua maumbo yaliyogandishwa, ambayo Unicode iliyaweka kwa ajili ya kuafikiana na mifumo ya zamani. Ba ya mwanzo wa neno inakuwa U+FE91, alifu iliyoshikana na herufi ya nyuma yake inakuwa U+FE8E, na kadhalika. Pili, hupindua mstari mzima, herufi ya mwisho ikawa ya kwanza. Neno la kwanza la dua, ambalo bila alama za irabu lilikuwa hivi:

```
U+0628 U+0627 U+0631 U+0643
```

linatoka hivi:

```
U+FED9 U+FEAD U+FE8E U+FE91
```

Kwenye programu isiyojua Kiarabu, udanganyifu huu mara mbili unatoa picha sahihi: herufi zimeshagandishwa katika maumbo ya kushikana, na kwa kuwa zimepinduliwa, programu ikizipanga kuanzia kushoto zinaangukia mahali pake. Lakini mchapaji alikuwa na programu inayokijua Kiarabu. Ikaziona ni herufi za Kiarabu, ikafanya wajibu wake, ikazipanga kuanzia kulia. Kilichokuwa kimepinduliwa kikapinduliwa tena.

Baya zaidi lilikuwa kwenye irabu. Dua ilikuwa imetiwa fataha na dhuma, na kwenye faili kila irabu hukaa baada ya herufi yake. Mstari ukipinduliwa, irabu inatangulia, kwa hiyo inaidandia herufi nyingine kabisa. Hili hata kwenye kompyuta ya kijana lilikuwepo, ila yeye asingeweza kuliona. Mjomba aliliona kwa jicho moja.

Mtu asiyesoma Kiarabu anawezaje kugundua? Kwenye dua hii kuna neno ambalo karibu kila mtu ameshaliona limeandikwa, nalo ni jina la Mwenyezi Mungu: الله. Mnara wa alifu unasimama peke yake kulia, haujagusana na kitu, na kitanzi cha ha kinafunga upande wa kushoto. Ukikuta kitanzi kiko kulia na mnara peke yake kushoto, mstari umegeuka. Ukikuta herufi zote nne zimesimama bila kushikana, programu haijaunganisha. Huhitaji kujua kusoma kwa hilo. Unahitaji tu picha ya kulinganishia.

Tiba ni kuitupa ile dua iliyotoka kwenye tovuti na kuanza na maandishi halisi. Usijaribu kuipindua upya, maana maumbo yatabaki yale yaliyogandishwa, na fonti nyingi nzuri za Kiarabu hazitayapamba kama zinavyopamba herufi za kawaida. Katika InDesign, programu ya kupanga kurasa, aya ya Kiarabu inatakiwa ipangwe na `Adobe World-Ready Paragraph Composer` badala ya `Adobe Paragraph Composer` ya kawaida. Uchaguzi huo umo kwenye menyu ya paneli ya aya, na pindi ukiuweka, herufi zinashikana na maneno yanajipanga kuanzia kulia bila ujanja wowote.

Zimeshikana, lakini zina mianya

Tulipoweka mpangilio huo, herufi zilirudi kwenye utaratibu wake, ila bado zilikuwa na nyufa nyeupe katikati. Kijana alidhani tumerudi kule kule, lakini chanzo kilikuwa kingine, na tofauti inaonekana ukikaribia. Herufi ambazo programu imeshindwa kuziunganisha huwa na maumbo ya kujitegemea, kila moja na mkia wake kamili. Hizi zetu zilikuwa na maumbo ya kushikana: ba ilikuwa imekatwa mkia, ikinyoosha mkono kuelekea kwa alifu, ila mkono haukufika.

Mtindo wa kadi ndio uliofanya hivyo. Majina ya maharusi yalikuwa kwa herufi kubwa za Kilatini zilizopanuliwa nafasi, jambo linalopendeza sana kwenye kadi, na mtindo huohuo ulikuwa umepitishwa kwenye ukurasa mzima. Herufi za Kilatini zikiachanishwa zinapumua. Za Kiarabu zinavunjika, kwa sababu mstari unaoziunganisha ni sehemu ya herufi. Tulirudisha nafasi kuwa sifuri kwenye dua, nyufa zikazibika.

Hapo hapo nikaongeza ukubwa. Kilatini kilikuwa pointi 14, na Kiarabu pia pointi 14, lakini kwa macho Kiarabu kilionekana kidogo zaidi, kwa sababu fonti ya naskhi huacha nafasi nyingi juu na chini kwa ajili ya minara, mikia na irabu. Nilikipandisha hadi 20, nikaongeza pia nafasi kati ya mistari, maana kasra ya dua ilikuwa inagongana na mstari wa Kilatini ulio chini yake. Namba hizi si kanuni. Kila fonti ina vipimo vyake. Kipimo ni jicho.

Namba huangalia nyuma

Sasa tukaja kwenye sehemu ambayo kila mtu alikuwa ameipita bila kuiona, mjomba akiwemo. Katikati ya mwaliko kulikuwa na mstari huu, nimeuandika kwa mpangilio ulivyoandikwa kwenye kibodi: neno la Kiswahili, neno la Kiarabu, halafu tarehe.

```
Nikahi النكاح 14 Juni 2025
```

Ukiutazama kwenye skrini yenye programu ya kawaida, 14 haiko kando ya Juni. Imeruka, imekaa kushoto mwa neno la Kiarabu, kana kwamba mtu ameandika "Nikahi 14" kisha neno la Kiarabu kisha "Juni 2025". Hakuna aliyekosea kuandika. Programu imefuata kanuni zake sawasawa.

Kanuni hizo zimo katika utaratibu wa Unicode wa maandishi ya pande mbili, na kiini chake ni hiki. Herufi zina mwelekeo wake wenyewe: ya Kilatini huenda kulia, ya Kiarabu huenda kushoto. Nafasi, koma na mabano havina mwelekeo, hufuata majirani. Namba iko katikati. Tarakimu zake zenyewe daima husomwa kuanzia kushoto, 14 haiwi 41, lakini mahali pa kuiweka hiyo namba huamuliwa na herufi iliyotangulia. Namba huangalia nyuma mpaka ikutane na herufi ya kwanza. Ikikuta ya Kilatini, inajihesabu ni sehemu ya Kilatini. Ikikuta ya Kiarabu, inaungana na Kiarabu, na katika Kiarabu kinachofuata hukaa kushoto.

Kwa hiyo 14 iliangalia nyuma, ikakuta ha ya mwisho wa neno la Kiarabu, ikajiunga nalo. Namba 2025 nayo iliangalia nyuma, ikakuta Juni, ikatulia mahali pake. Ndiyo maana moja ilihama na nyingine haikuhama, jambo lililomfanya kijana afikiri kompyuta ina wazimu.

Tarehe iliyohama inachekesha, lakini bado inasomeka. Mstari wa mawasiliano ulikuwa na hatari zaidi. Ulikuwa na neno la Kiarabu lenye maana ya "kwa maulizo", kisha namba ya simu iliyogawanywa kwa mafungu matatu. Nimebadilisha tarakimu:

```
للاستفسار 123 456 789
```

Kila fungu limeangalia nyuma likakuta Kiarabu. Nafasi zilizo kati ya mafungu hazina mwelekeo, nazo zikafuata Kiarabu. Matokeo ni kwamba fungu la kwanza linakaa kulia, la pili kushoto kwake, la tatu kushoto zaidi, na anayesoma namba kuanzia kushoto, kama kila mtu anavyosoma namba, anasoma 789 456 123. Hiyo ni namba ya simu ya mtu mwingine. Na kama ingetanguliwa na alama ya kujumlisha ya namba ya kimataifa, alama ingening'inia upande wa kulia.

Kijana aliuliza kwa nini tarehe ya Hijria iliyokuwa pembeni, 18/12/1446, haikuharibika ilhali nayo ilikuwa baada ya neno la Kiarabu. Swali zuri. Mkwaju ni miongoni mwa alama ambazo utaratibu huu huzihesabu kuwa kiungo cha namba: ukiwa mmoja tu kati ya namba mbili za aina moja, humezwa na namba, na tarehe yote inakuwa kitu kimoja. Kistari hakina hadhi hiyo baada ya herufi za Kiarabu. Angeandika 18-12-1446 mahali palepale, ingeonekana 1446-12-18. Wapo watu wanaobadilisha mikwaju kuwa vistari kwa ajili ya urembo tu, na wanashangaa mwaka umetangulia.

Dawa ya haya yote ni moja, na ndilo jambo ambalo ningependa kila anayepanga kadi za lugha mbili alijue kwa moyo. Kuna alama isiyoonekana, U+200E, ambayo kazi yake ni kujifanya herufi ya Kilatini isiyo na umbo. Ukiiweka baada ya neno la Kiarabu na kabla ya namba, namba ikiangalia nyuma inaikuta hiyo kwanza, inajihesabu ni ya Kilatini, na yote yaliyobaki yanakaa sawa: mafungu ya simu, vistari, hata alama ya kujumlisha, mradi alama hiyo isiyoonekana iitangulie. Katika Word ya Windows unaandika `200E` kisha unabonyeza Alt na X. Katika ukurasa wa tovuti unaandika hivi:

```
Nikahi النكاح‎ 14 Juni 2025
```

Kwa tovuti, mimi hupendelea kulifunga neno la Kiarabu ndani ya lebo inayolitenga na jirani zake, kwa sababu atakayehariri baadaye ataiona, tofauti na alama isiyoonekana ambayo mtu huifuta bila kujua:

```
Nikahi <bdi lang="ar">النكاح</bdi> 14 Juni 2025
```

Kwenye kadi ya kuchapwa, hata hivyo, sikutumia dawa kwa mstari wa simu. Niliiondoa namba kwenye sentensi, nikaiweka peke yake kwenye mstari wake, chini ya maneno. Kiarabu na Kiswahili vikawa juu, namba chini katikati. Mstari ulio aya yake yenyewe, wenye mwelekeo wa kuanzia kushoto na usio na herufi ya Kiarabu, hauna cha kuivuta namba. Pale nafasi inaporuhusu, kutenganisha kuna usalama kuliko alama isiyoonekana, hasa kadi ikiwa bado itapita mikononi mwa watu wengine.

Dua kwa herufi za Kilatini

Matamshi yaliyokuwa kwenye kadi yalikuwa haya: "Baraka Allahu lakuma wa baraka alaikuma wa jamaa bainakuma fi kheri." Kwa haraka yanaonekana hayana neno. Tatizo ni kwamba msomaji wa Kiswahili hayasomi kama Kiarabu. Anayasoma kama Kiswahili, na maneno mawili yanamkaribisha afanye hivyo. "Baraka" kwake ni jina, anakazia silabi ya katikati, ba-RA-ka. Na "jamaa" ni ndugu. Mmoja wa shangazi za bwana harusi alipoipata nakala aliuliza hao jamaa wa nani wanaotajwa kwenye dua.

Neno la Kiarabu hapo ni kitendo, "amekusanya", chenye a tatu fupi na herufi ya aini kabla ya a ya mwisho. Jamaa yetu sisi inatokana na neno la mzizi huohuo lenye a ndefu. Kwa hiyo hapa aini haiwezi kuachwa kimya. Ikiachwa, neno linabadilika na kuwa neno jingine ambalo msomaji analijua. Vivyo hivyo kitendo cha kubariki kina a ndefu mwanzoni, na Kiswahili kina namna yake ya kuonyesha irabu ndefu bila kuazima alama popote: unairudia. Anayesoma "saa" na "kaa" atajua la kufanya na "baaraka".

Njia ya wasomi, yenye mistari juu ya irabu na kipete kidogo cha aini, nilikuwa nayo akilini, lakini niliiacha kwa sababu ya fonti. Kadi ilitumia fonti ya mwandiko wa mkono, na fonti nyingi za aina hiyo hazina ā wala ʿ. Programu ikikosa umbo hulichukua kwenye fonti nyingine, na ghafla katikati ya mwandiko laini inatokea herufi moja iliyokakamaa. Au kinatokea kisanduku.

Tukabaki na alama ya aini. Kijana aliandika alama ya kawaida ya ritifaa, ile iliyozoeleka kwenye ng'ombe, na programu ikamsaidia kwa hisani isiyoombwa. Mwanzoni mwa neno iliipindua kuwa ya kufungua, katikati ya neno ikaipindua kuwa ya kufunga. Aini ya "alaykumaa" ikawa na sura moja, aini ya "jama-a" ikawa na sura nyingine, na kwa aliyezoea maandishi ya kitaaluma hiyo ya pili ni hamza. Tulizima usahihishaji huo na kuweka ‘ yenye mkunjo wa kufungua, U+2018, mahali pote pawili. Karibu kila fonti ya Kilatini inayo.

Likaja suala la kuunganisha. "Baraka Allahu" ni sahihi ukihesabu maneno, lakini hakuna anayesoma dua kwa kuhesabu maneno. Alifu ya mwanzo wa jina la Mwenyezi Mungu hudondoka ikitanguliwa na irabu, na sauti inatoka mfululizo: baarakallaahu. Kwa kuwa wageni wataitamka dua kwa pamoja, wengine kwa kukariri na wengine kwa kusoma kadi, kadi ifuate sauti. Vinginevyo nusu ya ukumbi itakuwa nyuma ya nusu nyingine kuanzia neno la kwanza.

Mwisho wa dua, Kiarabu kina tanwini, na maandishi yenye irabu kamili huionyesha. Ukisimama haitamkwi. Tuliandika "khayr", tukaacha "khayrin" kwenye Kiarabu peke yake, ambako mwenye kujua ataona alama na bado atasimama inavyotakiwa. "Kheri" nayo tuliiondoa. Ni neno letu zuri, lakini likiwa ndani ya dua ya Kiarabu linamfanya msomaji aongeze i ambayo wenzake hawaitamki.

Sikukubaliana na mjomba kwenye jambo moja, nalo ni a ndefu ya mwisho katika "lakumaa". Yeye aliitaka, mimi nilihofu kwamba Mswahili atapeleka mkazo huko mwisho. Ukweli ni kwamba mkazo wa Kiarabu na wetu hauwezi kupatana kwa herufi peke yake. Ukiandika "lakuma", atasema la-KU-ma. Ukiandika "lakumaa", atavuta mwisho. Kuvuta mwisho angalau kunalingana na urefu ulio kweli kwenye dua, kwa hiyo mjomba alishinda, na nadhani kwa haki.

Kulikuwa na jambo moja la maneno yenyewe. Chini ya dua, kijana alikuwa ameweka maneno ya kuonyesha kwamba ni hadithi. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira inamwelekea bwana harusi peke yake mwanzoni, "laka" na "‘alayka", kisha ndiyo inawataja wawili, "baynakumaa". Iliyokuwa kwenye kadi imegeuzwa yote kuwa ya watu wawili. Kama dua haina ubaya wowote, na watu huisoma hivyo. Lakini ukishaandika kwamba ni hadithi, unatakiwa uinukuu kama ilivyo. Familia ilichagua kubaki na dua ya wawili na kuondoa maelezo.

Kuweka maandishi ya aina mbili, moja juu ya nyingine

Kadi ya kwanza ilikuwa na dua nzima kwa mstari mmoja mrefu wa Kiarabu, na chini yake mstari mmoja mrefu wa Kilatini. Mgeni aliyejaribu kufuatisha alipotea, kwa sababu neno la kwanza la juu liko kulia na neno la kwanza la chini liko kushoto. Macho yanakutana katikati tu, na hapo pia kwa bahati. Hakuna namna ya kulipanga neno chini ya neno bila kupindua mojawapo.

Suluhisho ni kuikata dua mahali inapojikata yenyewe kwa maana, na kuweka kila kipande katikati ya ukurasa. Vipande vikiwa vifupi, haijalishi tena umeanzia upande gani:

```
بَارَكَ اللَّهُ لَكُمَا
Baarakallaahu lakumaa

وَبَارَكَ عَلَيْكُمَا
wa baaraka ‘alaykumaa

وَجَمَعَ بَيْنَكُمَا فِي خَيْرٍ
wa jama‘a baynakumaa fii khayr
```

Kila mwisho wa kipande tuliukata wenyewe kwa mkono, hatukuiachia programu. Fremu ikibadilishwa upana dakika za mwisho, programu ingeweza kuitupa "fii khayr" mstari wa chini na kuitenga na matamshi yake.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, nakala ilitolewa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na mjomba akaisoma kwa sauti, kidole juu ya kila herufi, huku shangazi wa bwana harusi akisoma Kilatini. Sikuona haja ya kunakili maneno kutoka kwenye PDF ili kuyalinganisha. Kiarabu kinachonakiliwa kutoka PDF mara nyingi hutoka kimevurugika hata kama ukurasa uko salama, kwa hiyo kipimo hicho hudanganya pande zote mbili. Baada ya kusomwa, dua iligeuzwa kuwa michoro ndani ya faili la kuchapwa, ili fonti na mipangilio ya kompyuta ya mchapaji visiwe na la kusema. Faili lenye maandishi hai lilibaki kwa kijana, kwa sababu michoro haihaririki, na familia haikosi jina la kuongeza.

Mwaliko wa kutumwa kwa simu ulitayarishwa mwisho, na ukaleta kioja chake. Uliandikwa hivi:

```
بارك الله لكما. Karibuni nyote harusini.
```

Programu nyingi za ujumbe huamua mwelekeo wa aya nzima kwa kuangalia herufi yake ya kwanza. Hii ilianza na ba, kwa hiyo aya yote ikahesabiwa ni ya Kiarabu: maandishi yakasukumwa kulia, sentensi ya Kiswahili ikakaa kushoto mwa dua, na nukta ya mwisho ikaonekana mbele ya "Karibuni". Tuliiacha dua kwenye aya yake, tukaruka mstari, Kiswahili kikaanza upya chini. Aya ya kwanza ikaenda kulia, ya pili kushoto, na nukta ikarudi nyuma ya "harusini".